Kumtoa mtoto wa mwaka kwenye chupa: kwa nini kikombe kisichomwagika kinakurudisha pale pale

Dada yangu anayekaa Bombo, hapa Uganda, alinipigia simu wiki ambayo mtoto wake alitimiza mwaka, ana furaha kweli, akaniambia Shami ameacha chupa, sasa anakunywa kwenye kikombe. Mimi ni nesi, kazi yangu ya kila siku ni upande wa lishe ya watoto, kwa hiyo nilifurahi naye. Jumamosi nikapanda teksi nikaenda kuwaona, nikakuta mtoto amelala chali kwenye mkeka, macho yamefumba nusu, ameshika sipi kapu, kile kikombe kisichomwagika chenye mfuniko na mdomo wa raba, ananyonya taratibu maziwa yake. Nikaichukua ile sipi kapu nikaipindua juu chini nikaitikisa, haikutoa hata tone. Nikamwambia dada, mama Shami, hii bado ni chupa.

Hakupenda, na namuelewa, maana alikuwa ametoa pesa na mwenye duka alimwambia ndio kikombe cha watoto wa mwaka. Wazazi wengi wanakwama hapa hapa, kwa hiyo nieleze vizuri nilimaanisha nini.

Mtoto akinyonya ziwa au chupa, ulimi wake unakwenda mbele na nyuma chini ya chuchu, unakamua na kuvuta, midomo imefunga imeizunguka. Hiyo kazi anaijua tangu siku ya kwanza. Kunywa kwenye kikombe cha wazi ni kazi nyingine kabisa: ukingo wa kikombe unakaa juu ya mdomo wa chini, taya linatakiwa litulie lisicheze juu chini, mdomo wa juu unashuka kugusa maziwa, na ncha ya ulimi inapanda juu nyuma ya meno ya mbele, ndio mtoto anameza. Lazima pia ajue kiasi gani kinakuja na afunge mdomo kabla hakijawa kingi. Sasa ile sipi kapu isiyomwagika ndani yake ina kiraba kidogo, wengine wanaita vali, kinachozuia maziwa yasitoke mpaka mtoto avute kwa nguvu. Avute vipi? Anavuta kwa kunyonya, ile ile kazi ya zamani. Mdomo wake wa raba umelala juu ya ulimi na unaukandamiza ubaki chini, kwa hiyo ile ncha ya ulimi haipati nafasi ya kupanda. Mtoto anaweza kuitumia mwaka mzima asijifunze chochote kuhusu kikombe.

Nisieleweke vibaya lakini, kuna watu wanasema sipi kapu inaharibu kuongea kwa mtoto, mimi sisemi hivo na sitamtisha mzazi yeyote kwa hilo. Ukipanda teksi safari ndefu na mtoto, mpe hiyo hiyo, haina shida. Ninachokataa ni kuihesabu kama hatua ya kuacha chupa, kwa sababu madhara ya chupa baada ya mwaka yanakuja nayo yote.

Na madhara yenyewe ni yapi, tumtazame Shami maana kwake yalionekana wazi. Nilimuuliza dada anakunywa mara ngapi kwa siku, akasema mara nne au tano, tukihesabu na ya usiku ni tano. Kila mara mililita 240. Hiyo ni lita moja na mililita 200 ya maziwa ya ng'ombe kwa siku, na hapo mtoto ana kilo 9 tu. Maziwa ya kiasi hicho yanampa kalori kama 700 na zaidi kidogo, wakati mtoto wa umri wake anahitaji kalori karibu 900 siku nzima. Sasa chakula kitaingia wapi? Dada alikuwa analalamika mtoto hapendi kula, akimpa matoke anatema, akimpa posho na mukene anageuza kichwa, na akishakataa chakula anapewa maziwa ili asikae na njaa. Mtoto alikuwa ameshiba tu.

Shida kubwa zaidi ni madini ya chuma. Maziwa yote yale, lita na ushee, hayafikishi hata miligramu moja ya chuma, na mtoto wa mwaka anatakiwa apate kama miligramu 7 kwa siku, halafu maziwa mengi yanazuia hata kile chuma kidogo cha kwenye maharage na mboga kisifyonzwe vizuri. Nilipomshusha Shami kope ya chini ya jicho niliona ndani ni nyeupe badala ya kuwa na wekundu. Jumatatu akapimwa damu, ikaja 9.4. Kwa mtoto wa umri huo chini ya 10.5 ni upungufu wa damu. Alipimwa na malaria pia, hakuwa nayo. Akaandikiwa dawa ya chuma ya maji, na hapa niseme kabisa, kubadilisha kikombe peke yake hakutibu damu iliyokwisha kushuka, dawa inahitajika, ila bila kupunguza maziwa angepewa dawa leo na baada ya miezi michache arudi pale pale.

Kwa nini kikombe cha wazi kinapunguza maziwa bila ugomvi? Kwa sababu kinachosha kidogo. Mtoto anakunywa mafunda kadhaa, kiu inaisha, anasukuma kikombe. Kwenye chupa au sipi kapu anaendelea kunyonya hata kiu imeisha, maana kunyonya kwenyewe kunamtuliza, tena anatembea nayo ua mzima akinyonya kidogo kidogo. Hiyo ya kidogo kidogo ndio inaua meno, sukari ya maziwa inabaki imeyalowesha masaa mengi, na usiku mate yanapungua kwa hiyo hayaoshwi. Inua mdomo wa juu wa mtoto utazame meno ya mbele ya juu pale karibu na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, ndio kuoza kunaanza, na hapo bado unaweza kukuzuia. Ikishakuwa kahawia mpeleke kwa daktari wa meno, usisubiri eti ni meno ya utoto yatang'oka.

Kuna jingine ambalo kwetu hapa Uganda nalipa uzito sana: usafi. Ile vali ya sipi kapu nilimfungulia dada mbele yake. Nilitumia ncha ya pini, kiraba kikatoka, na chini yake kulikuwa na utando wa maziwa ya njano na vidoa vyeusi vya ukungu, inanuka shombo. Dada ni msafi jamani, alikuwa anaiosha kila siku kwa sabuni, lakini hakujua kama kile kiraba kinatoka. Chuchu ya chupa iko hivo hivo, na mrija ndio mbaya zaidi kama huna brashi yake nyembamba. Kikombe cha wazi unakiona chote ndani, unakisugua kwa sabuni na maji safi, unakianika kimeinama kwenye uchanja, basi. Ndio maana hospitalini vichanga waliozaliwa kabla ya wakati, ambao hawajaweza kunyonya ziwa, wanalishwa maziwa ya mama kwa kikombe kidogo na sio kwa chupa, na Shirika la Afya Duniani linashauri hivo hivo. Hili nilimwambia jaja wa Shami, yeye alikuwa anasema mtoto wa mwaka bado mdogo sana kwa kikombe, atapaliwa. Nikamwambia jaja, wale wa kilo mbili wanakunywa kwenye kikombe, huyu wa kilo tisa ataweza. Alinyamaza akafikiri, halafu akaenda yeye mwenyewe kuleta kikombe.

Alileta tampeko. Ile ya nusu lita! Na kosa lake hata wasomi wanalifanya, kumpa mtoto kikombe cha mtu mzima. Tampeko ni pana kuliko uso wake, ukiiinamisha maziwa yanakuja kwa mkupuo yanampanda puani, na wewe hujui yamefika wapi kwa sababu huoni ndani.

Kikombe anachohitaji ni kidogo, cha mililita 60 mpaka 120, upana wa mdomo kama sentimita 5, chepesi, ukingo wake mwembamba lakini laini usiokwaruza. Cha plastiki angavu kinasaidia sana mwanzoni kwa sababu unaona maziwa yanapanda wapi. Cha stenlesi kidogo ni kizuri pia, kinadumu, kinachemshika, na mtoto akikiuma hakivunjiki. Kile cha kupimia dawa ya maji, cha mililita 30, ni kizuri kwa siku za kwanza ukikiosha vizuri. Kuna vile vya plastiki vilivyokatwa upande mmoja ili pua isiguse, hivyo ukivipata ni vizuri sana maana mtoto haitaji kurusha kichwa nyuma, na kichwa kikienda nyuma ndipo kupaliwa kunakuja. Mikono miwili ya kushikia inamfaa akianza kushika mwenyewe, sio lazima. Epuka glasi, epuka vile vya bati vilivyobanduka rangi, na plastiki iliyochorwa maua kwenye ukingo pale anapoweka mdomo kama hujui rangi yake ni ya nini. Na usikate kopo la yogati ukafanya kikombe, ukingo unakata midomo.

Vile vya nyuzi 360, vyenye mfuniko mtoto anakunywa upande wowote, watu wananiuliza sana. Ni afadhali kuliko sipi kapu kwa sababu midomo inakaa karibu na inavyotakiwa, ila na vyenyewe vina raba inayozuia, mtoto anabana na kuvuta, hajifunzi kupima kiasi. Cha mrija kisicho na vali mimi nakikubali kwa kutembea nacho, kinafunza midomo kufunga vizuri, weka karibu yake na cha wazi nyumbani. Kama pesa inatosha kimoja tu, nunua kile kidogo cha wazi na ubaki na chenji.

Sasa tulivyofanya. Siku ya kwanza hatukuondoa chupa yoyote, na kwa Shami nikisema chupa ni ile sipi kapu yake. Saa nne asubuhi, mtoto ameamka vizuri, hana njaa kali na hana usingizi, dada alimkalisha wima kwenye mapaja yake mgongo umeegemea tumbo, kitambaa kifuani, tukaweka bongo, yaani maziwa mgando, kwenye kile kikombe cha dawa, vijiko vitatu vya chai tu, yaani mililita 15. Bongo nilichagua makusudi, ya maziwa yaliyochemshwa, kwa sababu ni nzito inateremka polepole na mtoto anapata muda wa kujipanga. Uji mwembamba wa mtama au yogati ya kunywa inafanya kazi hiyo hiyo. Maji ndio yanakimbia kuliko vyote, ndio yanayopalia, watu wengi wanaanzia hapo wakidhani ni mepesi.

Unaweka ukingo juu ya mdomo wa chini, pale unapokutana na pembe za mdomo, kikombe kimelala hapo bila kukandamiza. Unainamisha mpaka kinywaji kiguse mdomo wa juu. Hapo unasimama. Humimini! Unasubiri yeye avute. Shami alitoa ulimi kwanza akalamba, kisha akauma ukingo kwa meno yake manne, dada akataka kukitoa nikamwambia acha, kuuma hivo ndio anatafuta kulituliza taya, wengine wanauma mpaka karibu miaka miwili. Mara ya tatu mdomo wa juu ukashuka, akavuta funda moja, akashangaa. Nyingine ikateremka kidevuni. Baada ya kila funda moja au mawili unashusha kikombe, apumue, halafu unarudisha. Tukimaliza, katika zile mililita 15 labda 5 ziliingia tumboni. Hiyo inatosha kwa siku ya kwanza.

Siku tatu tukawa tunafanya hivo asubuhi na jioni, na mtoto mwenyewe akaanza kuufungua mdomo akiona kikombe kinakuja, hiyo ndio dalili ya kwamba ameelewa. Siku ya nne tukaondoa chupa ya kwanza, ile ya mchana, sio ya asubuhi na sio ya usiku. Badala yake alipata chakula kwanza, matoke yaliyopondwa na mchuzi wa njugu na dodo, halafu baada ya chakula maziwa mililita 60 kwenye kikombe. Alilia kutafuta chupa, kama dakika kumi. Dada akamtoa nje kuona kuku. Kesho yake akala vijiko saba, siku zile zote alikuwa anakula viwili. Baada ya siku tatu au nne zingine tukaondoa ya saa kumi jioni, kisha ya katikati ya asubuhi, kisha ile ya kuamkia. Kila ukiondoa moja usikimbilie nyingine mpaka ile imekubalika, na mtoto akiwa na homa au anaharisha au anaota meno vibaya, simama ulipo, mpaka apone.

Maziwa ya siku nzima tukayashusha mpaka kati ya mililita 350 na 500, na hiyo ni kwa mtoto kama Shami ambaye hanyonyi tena. Jaja aliogopa atakauka. Kinachokuambia ni mkojo: kama anakojoa kila baada ya masaa machache na mkojo ni mwepesi, maji yanamtosha, mpe ya kuchemshwa kwenye kikombe akiwa na chakula na akitoka kucheza. Akikaa masaa 8 bila kukojoa, mdomo mkavu, analia bila machozi, hapo hujaribu tena mambo ya kikombe, unampeleka kituo cha afya, na kama chupa ndio anayokubali njiani mpe chupa.

Ya usiku ndio ilikuwa ya mwisho na ngumu. Shami alikuwa analala nayo mdomoni. Tuliitenganisha na usingizi kwanza: alikunywa amekaa, tukamfuta meno kwa mswaki laini, ndio akabebwa mgongoni kulala. Halafu kiasi chenyewe tukakipunguza mililita 30 kila baada ya usiku mbili, kutoka 240, kwa hiyo ilichukua kama nusu mwezi kufika mwisho. Alipoamka saa nane usiku alipewa maji kidogo kwenye kikombe na kupapaswa mgongo. Kuna usiku mmoja dada hakulala kabisa, na mume wake akasema mrudishieni chupa, wakakubaliana wao wawili wavumilie mpaka Ijumaa, Ijumaa akalala mpaka alfajiri. Usitie sukari wala chai wala juisi kwenye hiyo chupa ili ashibe, na usitoboe chuchu kwa wembe upitishe uji, naona sana hili. Uji kwenye chupa iliyotobolewa unakuja mwingi kuliko anavyoweza kumeza, ndio watoto wanapaliwa vibaya.

Kwa mama anayenyonyesha, hapa naomba usichanganye. Kikombe hakiji kuchukua nafasi ya ziwa. Shirika la Afya linashauri ziwa mpaka miaka miwili na zaidi, na mtoto wa mwaka anayenyonya vizuri mchana na usiku hahitaji kumwagiwa maziwa ya ng'ombe mengi juu yake. Kwake kikombe ni cha maji, uji mwepesi, na yale maziwa yako uliyokamua ukienda kazini. Wa ziwa mara nyingi wanajifunza haraka kwa sababu hawana chupa ya kuililia, ila hawakubali kikombe kutoka kwa mama, wananusa ziwa wanalitaka, kwa hiyo shangazi au jaja ampe na wewe utoke chumbani. Ungeweza kuanza tangu miezi sita na mafunda mawili matatu kwa siku, ukichelewa mpaka mwaka sio mwisho, anza leo.

Kukohoa mara moja moja wakati anajifunza ni kawaida, na kumwagia nguo ni kawaida mpaka mwaka na nusu au miwili. Lakini kama anakohoa karibu kila funda, sauti inabaki na maji maji kama anaguguma kooni, maziwa yanatokea puani mara kwa mara, anabadilika rangi, au kifua kinamsumbua kila mwezi, acha kikombe na umpeleke aangaliwe jinsi anavyomeza. Waliozaliwa na mdomo wa sungura au kaakaa lililopasuka, na wale wenye viungo vilivyokaza au kulegea sana, wana mafunzo yao, wasilazimishwe haya ya Shami. Na aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, mhesabie umri kutoka siku aliyotakiwa kuzaliwa.

Shami sasa ana miezi 15. Damu ilipopimwa mara ya pili baada ya miezi miwili ya dawa na chakula ilikuwa 10.9, na dawa anaendelea nayo kwa muda alioandikiwa. Anashika kikombe chake cha mililita 100 kwa mikono miwili, tunajaza nusu tu, theluthi inaishia kwenye kitambaa. Akianza kukirudisha mezani mwenyewe bila kukiangusha tutampa cha mililita 150, na ile tampeko ya jaja ipo kwenye kabati inamngoja.